Zile Namba Sita Usimpe Mtu: Hotuba kwa Wanafunzi Wenzangu, Hatua kwa Hatua

Mheshimiwa mgeni rasmi, mlezi wetu wa wanafunzi, viongozi wa serikali ya wanafunzi, na ninyi wenzangu mliojibana huko nyuma kana kwamba viti vya mbele vina miiba: itifaki imezingatiwa. Kila tukiingia ukumbini tunaambiwa tuzime simu. Mimi naomba kinyume chake. Toeni simu, ziwasheni, na mwenye bando aliwashe, kwa sababu haya nitakayosema tutayafanya hapa hapa, tukiwa pamoja.

Nilipoombwa kuzungumzia utapeli wa mtandaoni nilianza kuandika orodha, ikawa ndefu kuliko muda niliopewa. Kuna "ile hela tuma kwenye namba hii", ambayo siku hizi hata bibi yangu anaisoma akacheka. Kuna mikopo ya kausha damu ya kwenye simu. Novemba 2024 Benki Kuu ilitangaza programu 69 za mikopo zilizokuwa zikifanya kazi bila leseni. Kuna LBL, ile ya kulipa kiingilio halafu unatazama vionjo vya filamu kila siku ukihesabu faida kwenye skrini, mpaka Februari 2025 ilipozimika na hela za watu, na bumu za watu zikiwemo. Nikaona nisitaje yote juu juu. Hao wote niliowataja wana sura moja: anayekuomba hela ni mgeni, na ukitulia dakika mbili unaweza kumshtukia. Mimi nimechagua utapeli ambao anayekuomba ni rafiki yako, kwa namba yake ile ile uliyoihifadhi, kwa picha yake ya harusi ya dada yake, ndani ya grupu la darasa lenu. Huu unaanza na wizi wa akaunti ya WhatsApp.

Kwanza tuone unavyofanyika

Chukulieni darasa moja la mwaka wa pili, watu tisini na kitu kwenye grupu. Mitihani imekaribia. Kiongozi wa darasa anakusanya shilingi 5,000 kwa kila mtu kwa ajili ya kopi za hendauti. Alhamisi, saa moja usiku, anapata ujumbe kutoka kwa mwanafunzi mwenzake wa darasa hilo hilo:

"Kiongozi mambo. Samahani, nilikuwa najisajili kwenye ile semina ya mafunzo kwa vitendo, nikakosea nikaweka namba yako badala ya yangu. Kuna namba sita zimekuja kwako, hebu nitumie fasta kabla hazijaisha muda."

Anaangalia meseji za kawaida, kweli kuna kitu kimeingia sasa hivi:

```
Your WhatsApp code: 482-913
Don't share this code with others
```

Meseji yenyewe inamwambia asimpe mtu. Lakini macho yake yanatafuta namba sita, maana ndizo alizoombwa, na anayeomba ni mtu anayekaa naye kimbweta kimoja. Anazinakili, anatuma. Haijapita dakika moja, WhatsApp yake inajifunga na kumwambia kwamba namba yake haijasajiliwa tena kwenye simu hiyo.

Kilichotokea ni hiki. WhatsApp haimjui mtu kwa sura wala kwa kitambulisho cha NIDA. Inamjua kwa namba ya simu, na uthibitisho pekee kwamba namba ni yako ni kwamba umeweza kusoma zile namba sita zilizotumwa kwenye laini yako. Tapeli alipakua WhatsApp kwenye simu yake, akaandika namba ya kiongozi wa darasa, WhatsApp ikatuma namba sita kwa mwenye laini, na mwenye laini akampelekea tapeli. Hakuna laini iliyoibiwa, wala simu iliyodukuliwa, wala kirusi. Na yule mwenzake aliyemwandikia naye hakuwa yeye. Akaunti yake ilikuwa imeshaibwa mchana kwa mtego huo huo. Ndivyo unavyotembea, mtu kwa mtu, na ndiyo maana ujumbe hutoka kwa unayemjua.

Sasa sikilizeni tapeli anavyofanya kazi akishaingia, kwa sababu hapa ndipo watu wengi hawapajui. Mazungumzo ya zamani hayaoni. Yanabaki kwenye simu ya mwenyewe. Anachokiona ni magrupu aliyoyarithi na ujumbe unaoingia kuanzia muda huo. Kwa hiyo anakaa kimya kidogo, anasoma. Saa mbili kasoro mtu anauliza kwenye grupu: "Kiongozi, ile 5,000 ya hendauti mwisho lini?" Basi, amepewa kila kitu: kiasi, sababu, na jina analoitwa. Anajibu: "Mwisho ni leo saa nne, steshenari wanafunga oda. Laini yangu ya kupokelea imefika kikomo, tumeni kwenye hii ya mdogo wangu." Namba inafuata.

Halafu anafanya jambo la pili. Kiongozi wa darasa ni admini wa grupu. Tapeli anaingia kwenye mipangilio ya grupu na kuweka kwamba wanaoruhusiwa kuandika ni maadmini tu. Grupu linakuwa kimya. Mmoja aliyeshtuka anataka kuandika "jamani msitume", hana pa kuandikia. Wakati huo huo pembeni anawafuata watu mmoja mmoja: "Niazime 50,000, kesho asubuhi nakurudishia." Ikifika saa tatu na nusu, watu kumi na wanne wametuma 5,000 zao, na anayelala naye chumba kimoja ametuma 50,000. Jumla 120,000, ndani ya saa moja na nusu. Mwenye akaunti yake yuko maktaba, anadhani bando limeisha.

Hatua ya kwanza: weka PIN, sasa hivi

Fungua WhatsApp. Ingia Settings, kisha Account, kisha Two-step verification. Ukikuta bado haijawashwa, iwashe, nayo itakuomba uweke PIN ya tarakimu sita na kuirudia.

Hizi tarakimu sita za PIN unazichagua mwenyewe na hazitumwi kwa meseji. Zile za meseji zinabadilika kila zinapoombwa. Kazi ya PIN ni kwamba mtu akitaka kusajili namba yako kwenye simu nyingine, hata akiwa na zile namba za meseji, WhatsApp itamwuliza na PIN. Kama yule kiongozi wa darasa angekuwa nayo, tapeli angekwama mlangoni hata baada ya kutumiwa 482-913.

Msiweke tarehe ya kuzaliwa wala mwanzo wa namba ya usajili ya chuo. Namba zetu za usajili zimebandikwa kwenye karatasi za matokeo ya majaribio mpaka kwenye milango ya ofisi za idara. Wala msichukue PIN ya M-Pesa au Mixx mkaiongezea tarakimu mbili.

Ukishaweka PIN itakuuliza barua pepe. Wengi wanaruka hapo. Msiruke. Barua pepe hiyo ndiyo utakayotumia kuifuta PIN siku ukiisahau, na utaisahau, ingawa WhatsApp yenyewe hukuuliza PIN mara moja moja ili isikutoke kichwani. Weka barua pepe unayoweza kuifungua leo. Nawajua watu wameweka ile waliyofunguliwa na mtu wa steshenari wakati wa kuomba chuo, na nenosiri analo yule mtu wa steshenari. Hiyo ni kumwachia mwingine ufunguo. Kama yako ni ya namna hiyo, fungua nyingine.

Nasubiri. Aliye tayari amsaidie jirani yake.

Hatua ya pili: angalia nani mwingine anasoma

PIN ina mpaka wake, na heri niuseme. PIN inalinda usajili wa namba kwenye simu nyingine. Hailindi njia ya pili, ya kuunganisha kifaa. Mnajua ile ya kufungua WhatsApp kwenye kompyuta kwa kuskani mraba wa QR. Njia hiyo haiulizi PIN.

Tapeli wa njia hii hataki kukutoa kwenye akaunti. Anataka mtumie wote wawili, wewe bila kujua. Atakutumia kiungo: "Piga kura kwa mgombea wetu", "Angalia kama jina lako lipo kwenye orodha ya waliopata mkopo". Ukifungua, ukurasa unakuomba namba yako ya simu, halafu unakuonyesha herufi na tarakimu nane na kukuelekeza uziingize ndani ya WhatsApp yako "kuthibitisha". Ukiziingiza umeunganisha kompyuta yake na akaunti yako. Na huyu, tofauti na wa kwanza, hupata pia sehemu ya mazungumzo yako ya nyuma, kwa sababu kifaa kilichounganishwa huletewa historia. Anaona mchango ulianza lini, nani kalipa, nani kawekwa kuwa mweka hazina. Simu yako inaendelea kufanya kazi kama kawaida.

Kwa hiyo fungueni Linked devices. Kwenye Android iko kwenye vile vidoti vitatu juu kulia. Kwenye aifoni iko ndani ya Settings. Utaona orodha ya vifaa vilivyounganishwa na lini mara ya mwisho vilitumika. Vinaweza kufika vinne. Kama kuna kimoja hukitambui, kiguse kisha uchague Log out. Usianze kujiuliza ni cha nani. Kitoe kwanza, ukigundua baadaye kilikuwa kompyuta yako mwenyewe utakiunganisha tena. Wanaotumia kompyuta za maktaba na za intaneti kafe, nyinyi mna sababu ya ziada: kufunga ukurasa hakukutoi. Mtu anayekaa kiti hicho baada yako anaweza kukuta magrupu yako yote wazi.

Naona mkono kule. Umekuta kifaa usichokitambua? Kitoe sasa hivi, halafu baada ya hapa tuonane, tuangalie kama umeshawekewa na kingine.

Hatua ya tatu: kagua kama simu zako zinapokelewa na wewe

Hii inahusu wale wanaojisifu kwamba hawawezi kumtumia mtu namba za meseji. Tapeli hahitaji uzisome. WhatsApp ina njia nyingine ya kutoa zile namba sita: kukupigia na kuzitamka. Tapeli akifanikiwa kufanya simu zako zihamie kwake, atazisikia yeye.

Namna anavyofanya ni kukupigia akijifanya ni mtu wa kampuni ya simu, au wa Bodi ya Mikopo, au wa kampuni ya usafirishaji wa mizigo. Anakwambia laini yako ina hitilafu, ubonyeze nyota, ishirini na moja, nyota, kisha namba fulani ya simu, halafu alama ya reli, upige. Hiyo ni amri ya mtandao ya kuhamisha simu zote zinazoingia kwako ziende kwenye namba uliyoiandika. Wewe utaona ujumbe mfupi kwenye skrini, utaufunga, maisha yanaendelea. Meseji bado zitakuja kwako, ila simu hazitakuja.

Kuangalia kama umehamishiwa, piga hii ya kwanza. Kufuta uhamisho wote, piga hii ya pili:

```
*#21#
##002#
```

Ya kwanza ikikujibu kwamba hakuna uhamisho, ile amri ya ishirini na moja haijawekwa kwako. Ikikuonyesha namba usiyoijua, piga picha ya skrini kwanza, kisha futa. Laini ikizikataa hizo amri, piga 100 kwa huduma kwa wateja uwaombe wakukagulie. Na hiyo 100 ikae kichwani, maana ndiyo namba ya huduma kwa wateja kwenye mitandao yetu. Anayejitambulisha kuwa ni mtoa huduma akiwa anatumia 07 au 06 ya kawaida, kata.

Tukiwa bado hapo, pigeni na `*106#`. Hiyo inakuonyesha laini zilizosajiliwa kwa kitambulisho chako cha NIDA. Matapeli wanahitaji laini za kupokelea hela, na hawasajili kwa majina yao. Wanasajili kwa kitambulisho cha yule aliyebonyezeshwa dole gumba mara mbili kwa wakala wa barabarani na kuambiwa "ya kwanza haijasoma". Ukikuta laini usiyoijua, nenda kwenye duka la mtandao husika na kitambulisho chako waifunge. Polisi wakiifuatilia laini iliyopokea hela za watu, jina watakalolikuta ni lako, na utakuwa na maelezo mengi ya kutoa.

Hatua ya nne: hela ikiombwa

Hapa tumekaa upande wa yule anayetumiwa ujumbe. Rafiki yako anaomba 50,000. Au kiongozi wa darasa anabadilisha namba ya mchango.

Mnajua kwamba mkituma hela kwa simu, kabla hujaweka PIN, jina la mpokeaji linatokea. Lisomeni. Wengi tunalipita kwa sababu vidole vimezoea. Ukiona jina si la rafiki yako, hapo hapo acha. Tapeli anajua utaliona, ndiyo maana hutanguliza maelezo: ya mdogo wangu, ya wakala, ya mwenye duka. Kila maelezo ya aina hiyo ni sababu ya kusimama, hata kama yana mantiki, kwa kuwa hela halali inaweza kusubiri dakika tano. Jina hilo halitakwambia tapeli ni nani, kwa sababu ile niliyosema ya laini za vitambulisho vya watu. Litakwambia tu kwamba si rafiki yako.

Kisha mpigie, simu ya kawaida, si ya WhatsApp. Usiandike "ni wewe kweli?" kwenye WhatsApp, maana atakayejibu ni yule yule aliyeomba. Na hata simu ya kawaida inaweza kupokelewa na tapeli kama amehamisha simu za rafiki yako. Kwa hiyo sikiliza sauti. Simu ikipokelewa na mtu anayenong'ona, au anayesema "niko kwenye kikao, tuma tu", au ikikatwa na kufuatiwa na ujumbe wa WhatsApp, hujathibitisha chochote. Mtafute anayelala naye. Tuko hosteli, chumba chake ni mwendo wa dakika tatu.

Kwa michango ya darasa nashauri kitu kikali kidogo, na najua viongozi wa madarasa watanung'unika. Namba ya kupokea mchango itangazwe darasani kwa mdomo, siku ya kipindi, pamoja na jina litakalotokea kwenye simu. Baada ya hapo isibadilishwe kwenye grupu kwa sababu yoyote ile. Ikibidi ibadilike, itangazwe tena darasani. Tangazo lolote la namba mpya kwenye WhatsApp lihesabiwe kuwa la tapeli. Na grupu liwe na maadmini angalau watatu, wasiokaa chumba kimoja, ili mmoja akiibiwa akaunti wengine wawahi kumtoa kabla hajafunga mdomo wa grupu.

Hatua ya tano: umeshaibiwa akaunti

Utajuaje? Ikiwa ni ile njia ya namba sita, WhatsApp yako inajifunga yenyewe. Msiseme ni mtandao. Mtandao ukisumbua WhatsApp inabaki wazi na ujumbe haupiti; haikurudishi mwanzo kukuomba namba ya simu.

Jambo la kwanza, kabla hata ya kuwaambia watu, isajili tena. Andika namba yako kwenye WhatsApp ile ile, omba namba sita, zitakuja kwenye laini yako kwa sababu laini bado unayo, ziingize. Ukifanikiwa tu kuziingiza, tapeli anatolewa papo hapo. Akaunti haiwezi kusajiliwa kwenye simu kuu mbili za watu wawili kwa njia hii. Anayeingiza namba za karibuni ndiye anayebaki.

Kuna vikwazo viwili. Cha kwanza, tapeli mjanja atakuwa ameingiza namba za uongo mara nyingi makusudi, ili WhatsApp ikuzuie kuomba nyingine kwa muda. Unaweza kuona saa inayohesabu kurudi nyuma, ikafika hata saa kadhaa. Usiendelee kubahatisha, utaongeza muda. Subiri iishe, na wakati huo fanya kazi ya kuwaambia watu.

Cha pili ni kwamba anaweza kuwa ameweka PIN yake, kwa sababu wewe hukuwa nayo. Umeingiza namba sita za meseji vizuri, halafu unaulizwa PIN usiyoijua. Hapo utasubiri siku saba ndipo WhatsApp ikuruhusu kuingia bila hiyo PIN. Watu wakifika hapa hukata tamaa wakidhani tapeli ataendelea kutumia akaunti wiki nzima. Hapana. Ulipoingiza namba sita, yeye naye alitolewa. Akaunti imefungwa kwa wote wawili mpaka siku saba zipite, na akitaka kurudi atahitaji namba sita mpya, ambazo zitakuja kwako. Kwa hiyo fika mpaka hapo hata kama huna PIN. Ndicho kinachomkata mikono.

Ukisharudi ndani, nenda moja kwa moja kwenye Linked devices utoe kila kitu, maana anaweza kuwa ameunganisha kompyuta yake akiwa ndani. Kisha weka PIN yako na barua pepe yako.

Kuwaambia watu kufanyike kwa njia ambayo si WhatsApp. Meseji za kawaida kwa wale unaoongea nao sana, simu kwa mzazi, na mtu mmoja azunguke vyumbani. Wazazi muwapigie nyinyi wenyewe. Mama akiandikiwa na namba yako "mama naumwa, nimelazwa, tuma 80,000 ya vipimo", hatauliza jina lililotokea.

Hatua ya sita: hela imeshakwenda

Kasi ndiyo kila kitu hapa. Hela ikiwa bado kwenye akaunti ya aliyepokea, kampuni ya simu inaweza kuizuia. Ikishatolewa kwa wakala, hakuna cha kuzuia. Tapeli analijua hilo, kwa hiyo mara nyingi ana mtu amesimama kwa wakala akisubiri. Hizo dakika unazotumia kubishana naye kwenye WhatsApp na kumtukana ndizo anazotolea.

Piga 100 ya mtandao uliotumia kutuma. Sema kwa ufupi: nimetapeliwa, naomba mzuie huu muamala. Wape kumbukumbu namba ya muamala, ile iliyo kwenye meseji ya uthibitisho, kiasi, saa, na namba iliyopokea. Msifute meseji hiyo. Kama ulituma kwenda mtandao mwingine, wape taarifa na wa upande ule, kwani ombi likilazimika kupita kampuni mbili huchelewa.

Kisha kituo cha polisi, ukachukue RB. Wengi wanaona ni usumbufu kwa 5,000, na kwa mtu mmoja pengine ni kweli. Lakini watu kumi na tano wa darasa moja wakienda pamoja na meseji zao, lile ni shauri la 120,000 lenye namba moja ya kupokelea. Kuna Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015, na kujifanya mtu mwingine mtandaoni ni kosa ndani yake, kwa hiyo msikubali kuambiwa kwamba mlituma wenyewe kwa hiari. Aliyeibiwa akaunti naye aende, aandikishe kwamba kuanzia saa fulani haikuwa mikononi mwake. Maneno yatakayosemwa darasani kesho yake ni mazito kuliko hela, na RB yenye saa humsaidia.

Ujumbe wa tapeli ukija kwa meseji ya kawaida, upeleke 15040, namba ya TCRA ya kupokea taarifa za utapeli, kisha fuata maelekezo ya kuwapa namba iliyoutuma. Haikurudishii hela, kazi yake ni kuifungia hiyo namba.

Na wiki inayofuata mjihadhari na jambo moja. Mkiandika mtandaoni kwamba mmeibiwa, atajitokeza mtu anayesema yeye ni mtaalamu wa kurudisha hela au akaunti, ana picha za watu aliowasaidia, anataka 20,000 tu ya kuanzia. Huyo ni tapeli wa zamu ya pili. Nilivyoeleza hatua ya tano, kurudisha akaunti hakuhitaji mtaalamu wala ada. Kunahitaji laini yako.

Nimebakiwa na dakika chache. Wale ambao PIN imewagomea, na yule dada wa kifaa asichokitambua, nitakuwa pale mlango wa kushoto mpaka saa saba. Mje na simu yenye chaji, na msimpe mtu yeyote namba sita mkiwa kwenye foleni, nami nikiwemo.